Fezi mbili na ule mwanya katikati: maongezi ya jioni na mafundi wa Mwanjelwa

(Haya ni maongezi niliyotoa Mbeya kwa mafundi redio, mafundi simu na wanafunzi wa umeme, nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza tu kikohozi na utani wa pembeni.)

Jamani habari za jioni, ugonile wenyeji, na wale mliopanda na basi la Iringa, kamwene. Karibuni, sogeeni mbele maana bredibodi ni ndogo na vitaa vyake ni vidogo zaidi, wa nyuma mtaishia kuona mgongo wangu tu.

Leo nimeombwa niongelee kloki za fezi mbili. Najua mkisikia fezi mnawaza Tanesko, ila hapa fezi ni mawimbi mawili ya kloki yanayopokezana, moja likiwa juu lingine liko chini, na kati yao kuna kipindi kifupi ambacho yote mawili yako chini. Hicho kipindi ndo nakiita mwanya. Watu wengi wakiuona kwenye mchoro wanadhani ni muda unaopotea bure, na swali la kwanza huwa lile lile, kwanini tusichukue kloki moja, tukaipindua kwa inveta, tukapata ya pili, kazi ikaisha? Sasa mimi sitajibu kwa maneno, nimeijenga hiyo hiyo sakiti ya inveta hapa mezani, tuiangalie inavyokosea.

Tuanze na lachi yenyewe. Hii chipu ni 74HC373, ndani ina lachi nane, zote zinaongozwa na mguu mmoja, mguu wa 11, unaitwa LE. LE ikiwa juu, kila lachi iko wazi, yaani chochote kinachoingia kwenye D kinatokea Q baada ya muda mdogo sana, na ukibadilisha D hata mara kumi, Q inafuata mara kumi. LE ikishuka, lachi inafunga na kushika ile thamani ya mwisho. Kwa hiyo tatizo la lachi liko kwenye ile hali ya kuwa wazi, haijui kwamba nilitaka biti moja tu, mlango ukiwa wazi inapitisha kila kinachokuja.

Mtu akitaka kusukuma biti hatua moja moja anapanga lachi mbili mbili, ya kwanza niite A inafunguliwa na fezi ya kwanza, ya pili niite B inafunguliwa na fezi ya pili. Wafugaji wa kule Usangu hii wanaijua vizuri, ng'ombe wanaohesabiwa wakienda joshoni wanapita kwenye kichochoro chenye mageti mawili, unafungua la nyuma anaingia mmoja, unalifunga, ndo unafungua la mbele anatoka. Mageti yote mawili yakiwa wazi kwa pamoja hata kidogo, hesabu imekwisha. Basi, nikitoka hapo narudi kwenye umeme.

Hapa mezani nina chipu mbili za 373. Moja ni ya A zote, nyingine ni ya B zote. Nimetumia lachi nne kwenye kila chipu, A0 inaingia B0, B0 inaingia A1, A1 inaingia B1, hivyo hivyo mpaka B3, na vitaa vinne nimeviweka kwenye B0 mpaka B3. Ni rejista ya kusukuma ya biti nne, hamna jipya. Fezi ya kwanza inakwenda LE ya chipu A, nayo hiyo hiyo inapita kwenye inveta ya 74HC04 na kuwa fezi ya pili, inakwenda LE ya chipu B.

Sasa twende polepole kwenye sekunde ile kloki inapopanda, na nitatumia namba za mfano, namba za kubebeka kichwani, kwenye karatasi ya data ya chipu yako utazikuta zinacheza kufuatana na volti na kampuni. Tuseme inveta inachelewesha nanosekunde 8. Tuseme lachi ikifunguliwa inachukua nanosekunde 12 mpaka Q ibadilike, na data ikiingia kwenye lachi ambayo tayari iko wazi inachukua hizo hizo 12. Na tuseme lachi inapofunga inataka data itulie nanosekunde 3 zaidi baada ya kufunga, huo ni muda wa kushika.

Kloki inapanda saa sifuri. A inafunguka papo hapo. B bado iko wazi kwa sababu inveta haijamaliza kazi, itafunga kwenye nanosekunde ya 8. Mnaona? Kuanzia 0 mpaka 8 zote mbili ziko wazi. Lakini data mpya kutoka A inatokea kwenye 12, na B inataka utulivu mpaka 8 ongeza 3, yaani 11. Kumi na mbili dhidi ya kumi na moja. Tumepona, kwa nanosekunde moja tu! Ndo maana ukiijenga nyumbani inafanya kazi, unapiga picha unatuma kwenye grupu, unaambiwa hongera fundi.

Na tuwe wakweli, upande wa pili wa kloki hauna shida yoyote. Kloki ikishuka, A inafunga saa sifuri, B inafunguka kwenye 8, kwa hiyo pale kuna mwanya wa nanosekunde 8 wa bure umeletwa na inveta ile ile. Inveta moja inakupa mwanya kwenye ukingo mmoja na inakupandanisha kwenye ukingo mwingine, na sakiti inaharibika kwa ule mmoja mbaya.

Sasa angalieni nachofanya. Kwenye waya wa fezi ya pili naweka rezista ya kiloohm 1. Kwanini? Kwa sababu kwenye bodi halisi waya wa kloki unakuwa mrefu, unalisha chipu nyingi, una ukinzani na una kapasitansi, hapa mimi naiga tu. Tuseme waya na miguu ya chipu vina pikofaradi 30 kwa jumla. Kiloohm 1 mara pikofaradi 30 ni nanosekunde 30, na kufika nusu ya volti inachukua kama asilimia 70 ya hapo, weka nanosekunde 20. Kwa hiyo B sasa inafunga kwenye 28 badala ya 8. Nabonyeza swichi, na hii swichi nimeishaituliza kwa lachi ya NAND mbili, isije mtu akasema ni mguso unarukaruka.

Naweka 1 kwenye ingizo, nabonyeza mara moja. Vitaa viwili vimewaka, cha kwanza na cha pili! Nilitaka kimoja. Narudisha ingizo 0, nabonyeza tena. Sasa vimewaka cha tatu na cha nne. Biti moja imekuwa mbili na inatembea hatua mbili mbili.

Tufuatilie ilivyotokea maana hapa ndo penye utamu wote. Saa sifuri A0 inafunguka, kwenye 12 inatoa 1. B0 bado iko wazi, itafunga kwenye 28, kwa hiyo inaipokea hiyo 1 na kwenye 24 inaitoa. A1 nayo ni ya fezi ya kwanza, iko wazi muda wote huu, inaiona hiyo 1 na kwenye 36 inaitoa. B1 je? Imeshafunga kwenye 28, ikaikosa, 1 imegonga mlango. Kwa hiyo kwa kloki moja biti imeingia A0 na A1 zote, na fezi ya pili ikija vitaa viwili vinawaka. Upandanaji ukiwa mrefu zaidi, tuseme 55, biti ingefika A2, na vitaa vingekuwa vitatu. Ndo maana hii hali inaitwa mbio, data inashindana na ukingo wa kloki nani atafika wa kwanza kwenye lachi, na kama data ndo imewahi, wewe umepoteza.

Sasa sikilizeni hili vizuri kwa sababu ndilo linalowalaza watu macho. Mtu akiona sakiti inakosea, kitu cha kwanza anachofanya anapunguza kasi ya kloki. Hapa nimebonyeza kwa kidole, yaani hertzi moja au chini, polepole kuliko hata konda anayehesabu chenji, na bado imekosea. Hesabu niliyofanya hapo juu, mmesikia mahali popote nimetaja urefu wa mzunguko wa kloki? Hamna. Kuna 8, kuna 12, kuna 3, kuna 20, hamna masafa. Kwa hiyo ukipunguza kasi na kosa likapona, ujue njia yako ya data ilikuwa ndefu, data ilikuwa haiwahi. Ukipunguza kasi na kosa likabaki vile vile, tena linajirudia kwa sura ile ile kila ukibonyeza, anza kushuku mbio. Swichi inayorukaruka nayo inafanana kidogo ila hiyo haina nidhamu, mara vitaa viwili mara vitatu mara kimoja.

Kuna jamaa alinipigia mwezi wa sita, msimu ule ambao hapa kwetu asubuhi unavaa makoti mawili, anasema sakiti yake inakosea asubuhi, ikifika mchana iko poa. Inaeleweka. Transista za CMOS kwa volti za kawaida zinakuwa na kasi zaidi kwenye baridi, lachi yake ikapunguza ile 12, lakini rezista na kapasita za waya hazijali baridi kiasi hicho, kuchelewa kwa kloki kukabaki pale pale. Tofauti ni ndogo, asilimia chache, ila ukiwa umebakiwa na nanosekunde moja asilimia chache ndo hizo hizo.

Basi dawa. Dawa ni kuhakikisha B imefunga kabisa ndipo A ifunguke, na A imefunga kabisa ndipo B ifunguke. Ukiandika kwa hesabu ni hivi:

```
t_mwanya + t_lachi + t_logiki > t_kushika + t_kuchelewa
```

Upande wa kushoto ni vitu vinavyokulinda, mwanya wenyewe, ucheleweshaji mdogo kabisa wa lachi, na ucheleweshaji mdogo kabisa wa logiki iliyopo kati ya lachi na lachi. Kulia ni vitu vinavyokudhuru, muda wa kushika na tofauti ya kloki kufika hapa na pale. Kwenye rejista yangu logiki ni sifuri, ni waya mtupu. Lachi siwezi kuichelewesha. Nyaya zina ujeuri wake. Kilichobaki mkononi mwangu ni mwanya peke yake, na uzuri wake naweza kuufanya mkubwa ninavyotaka bila kugusa njia ya data hata kidogo.

Mwanya wenyewe unatengenezwa hivi, geti mbili za NOR zinazochungana:

```
phi1 = NOR(clk,   phi2_d)
phi2 = NOR(clk_n, phi1_d)
```

Hiyo `clk_n` ni kloki iliyopinduliwa, na zile zenye `_d` ni fezi yenyewe baada ya kupitishwa kwenye inveta nne mfululizo, nne ili isipinduke, ichelewe tu. Fezi ya kwanza hairuhusiwi kupanda mpaka ione ya pili imeshuka, na ya pili vivyo hivyo. Tufuatilie kwa namba zetu, kila geti 8. Kloki inapanda saa sifuri, fezi ya kwanza inashuka kwenye 8. Habari inapita inveta nne, ni 32, inafika kwenye 40. NOR ya pili inaongeza 8, fezi ya pili inapanda kwenye 48. Kuanzia 8 mpaka 48 yote yako chini, mwanya wa 40. Kloki ikishuka ni hivyo hivyo, imeongezeka tu ile inveta ya `clk_n` mwanzoni, fezi ya pili inashuka kwenye 16 na ya kwanza inapanda kwenye 56, mwanya ni 40 ule ule. Kwa vifaa ni 74HC02 moja na 74HC04 mbili, zote zinapatikana.

Nimeibadilisha hapa, na ile rezista ya kiloohm 1 nimeiacha makusudi. Fezi ya pili badala ya kushuka 16 B inaiona imeshuka 36, ya kwanza inapanda 56, bado nina mwanya wa 20. Nabonyeza, kitaa kimoja. Tena, kinahama kimoja. Tena. Tena. Haya.

Ila kuna ujanja ambao wengi wanaukosa. Ule waya unaorudi kwenda kwenye inveta nne, usiuchukue pale pale kwenye mguu wa NOR. Uchukue mwisho wa safari, baada ya bafa za kusukuma kloki, baada ya hiyo rezista, karibu na LE ya chipu ya mbali. Ukifanya hivyo sakiti inasubiri kushuka kwa kweli na sio kushuka kwa ofisini, na mwanya wako unarudi kuwa 40 hata waya ukiwa mbovu.

Sasa aina hii ya mwanya ina kasoro moja, ukishaijenga imejengwa, 40 ni 40. Kama umekosea makadirio huna pa kuzungushia. Mimi nikitaka amani nachukua kloki ya kasi zaidi na flipuflopu mbili za 74HC74, naziunga kama kaunta ya Johnson, zinatembea 00, 10, 11, 01, kisha zinarudi. Fezi ya kwanza ni AND ya hizo mbili, fezi ya pili ni NOR yake. Kwenye 11 moja iko juu, kwenye 00 nyingine iko juu, na kwenye 10 na 01 kimya. Kila hatua inabadilisha biti moja tu kwa hiyo hamna vimiale vya ajabu. Ukitumia kristali ya megahertzi 4, kila hatua ni nanosekunde 250, mwanya wako ni 250, na hapa ndo penye raha, ukipunguza kasi ya kristali mwanya nao unakua. Ile dawa ya kupunguza kasi iliyokataa kule mwanzo, sasa inafanya kazi.

Wakongwe walijua haya mapema. Intel 8080 ya mwaka 1974 ilikuwa inataka fezi mbili kutoka nje, tena za volti 12, ikawa na chipu yake pembeni, 8224, inagawa kristali kwa tisa na kukata vipande kutoka humo. Motorola 6800 ya mwaka huo huo nayo ilitaka fezi mbili kutoka nje. Ilipokuja 6502 mwaka 1975, wao waliingiza jenereta ndani, wewe unaleta kloki moja tu. Kwa maoni yangu hiyo peke yake ilimpunguzia mbunifu wa bodi kichwa kuuma kwingi.

Mtu mmoja hapo mbele ameuliza, je mwanya haupunguzi spidi? Swali zuri. Jibu ni kwamba haupunguzi kwa namna unavyodhani. Kwenye mwanya lachi zimefunga lakini logiki kati yao inaendelea kuhesabu, data iko njiani, haijalala. Kinachopungua ni ule uhuru wa hatua moja kuazima muda kwa hatua inayofuata, kwa sababu dirisha la kuwa wazi limekuwa fupi. Kama hatua zako zimelingana vizuri, hutausikia. Ila kuna kikomo kingine. Chipu za zamani nyingi zilikuwa zinashika biti kama chaji kwenye geti ya transista, chaji inavuja, kwa hiyo ukirefusha mizunguko hovyo biti inapotea. 8080 haikuruhusu mzunguko uzidi mikrosekunde 2. Hizi 373 zetu haziko hivyo, zinashika mpaka umeme ukatike.

Na swali la dada wa pale dirishani, kwamba amefanya mwanya mkubwa kabisa na bado sakiti inacheza vibaya. Dada yangu, angalia kama kuna mahali umetoa waya kutoka lachi ya fezi ya kwanza ukaingiza kwenye lachi nyingine ya fezi ya kwanza, au mbaya zaidi umerudisha Q yake iliyopinduliwa kwenye D yake yenyewe. Hizo zinafunguka pamoja, mwanya ungekuwa hata dakika nzima hauwahusu. Q inapinduka, inajirudia, inapinduka tena, fezi ikiwa juu inatetemeka tu, na fezi ikishuka unabaki na chochote kilichokuwepo. Kila njia lazima ipishane, kwanza, pili, kwanza, pili, na kwenye mchoro mimi naandika 1 au 2 kwenye kila waya kwa penseli, nikikuta lachi ya 1 inalishwa na waya wa 1 nafuta kabla sijawasha pasi ya kulehemu.

La mwisho, mkipima. Oskiloskopu ya chaneli mbili inatosha, ila probu msiziweke kwenye jenereta, wekeni kwenye mguu wa 11 wa chipu A na mguu wa 11 wa chipu B, ile ya mbali kabisa. Triga kwenye kushuka kwa fezi ya pili, panueni muda mpaka nanosekunde 20 kwa kila mraba, kisha hesabuni kuanzia pale fezi ya pili inapopita nusu ya volti kwenda chini mpaka pale ya kwanza inapopita nusu kwenda juu. Nyaya za ardhi za probu ziwe fupi na sawa, la sivyo mtapima probu. Haya, njooni mbele, sakiti iko hapa, rezista ninazo za ohm 220 mpaka kiloohm 10, mjaribu wenyewe muone inaanzia wapi kukosea.